Ngazi Ukutani: Msuguano Unaosomeka Kwenye Picha

Ngazi imeegemezwa ukutani, mtu akasimama ubavuni kwake na kuipiga picha kwa simu. Picha hiyo moja inatosha kumwambia sakafu inatakiwa ishike kwa nguvu kiasi gani ili mguu wa ngazi usiteleze. Hahitaji kujua ukuta una urefu wa mita ngapi, wala ngazi ina futi ngapi. Anahitaji rula ya mwanafunzi, uzito wa ngazi, na hesabu ya kuzidisha na kugawanya.

Tuchukue ngazi ya kawaida ya alumini, iliyonyooka, yenye vipandio kumi na viwili na uzito wa kilo 12. Imeegemezwa kwenye ukuta uliopigwa plasta laini, na miguu yake yenye soli za mpira imekaa juu ya sakafu ya zege. Kwenye picha iliyochapishwa, rula inaonyesha kwamba kutoka mguu wa ngazi hadi ukutani ni milimita 40. Kutoka usawa wa sakafu hadi mahali ncha ya juu inapogusa ukuta ni milimita 96. Namba hizo mbili ndizo zitakazofanya kazi yote.

Kwanza inafaa kujua ni nani anayeisukuma ngazi hiyo. Uzito wake unavuta kwenda chini. Kwa kuwa ngazi ni ya aina moja kuanzia chini hadi juu, na vipandio vyake vimepangwa kwa nafasi sawa, uzito wote unaweza kuhesabiwa kana kwamba umekaa katikati yake. Sakafu nayo inaisukuma kwenda juu, na kwa kuwa hakuna kingine kinachoibeba, msukumo huo ni sawa na uzito wa ngazi. Ukuta, ambao kwa sasa tutauchukulia kuwa mtelezi, unaisukuma kwa ulalo, kuelekea nje. Kama mambo yangeishia hapo, msukumo huo wa ukuta ungekosa wa kuupinga, na mguu wa ngazi ungekimbia nje mara moja. Anayeupinga ni msuguano wa sakafuni, unaoishika miguu ya ngazi na kuirudisha upande wa ukuta. Ngazi ikiwa imetulia, msuguano huo ni sawa kabisa na msukumo wa ukuta, hauzidi wala haupungui.

Kwa hiyo kinachotafutwa ni msukumo wa ukuta. Ukipatikana huo, msuguano umepatikana.

Hapa ndipo inapoingia momenti, yaani uwezo wa kani kuzungusha kitu kwenye egemeo. Mtu anayesukuma mlango karibu na bawaba hutoka jasho, lakini akiusukuma kwenye kitasa hufunguka kwa kidole kimoja, kwa sababu momenti hupatikana kwa kuzidisha kani kwa umbali wake kutoka kwenye egemeo. Umbali huo haupimwi kwa kufuata mwili wa mlango au wa ngazi. Hupimwa kwa pembemraba na mwelekeo wa kani yenyewe, na hapo ndipo wanafunzi wengi hukosea.

Egemeo linaweza kuchaguliwa popote, ila kuna chaguo moja linalorahisisha kila kitu, nalo ni mguu wa ngazi. Sakafu inasukuma juu kupitia hapo hapo, na msuguano nao unapita hapo hapo. Kani inayopita kwenye egemeo haina umbali, kwa hiyo haizungushi chochote. Mbili kati ya kani nne zinatoka kwenye hesabu, zinabaki mbili tu zinazoshindana. Uzito unataka kuiangusha ngazi kuelekea ukutani na chini, na ukuta unaizuia isianguke.

Uzito unavuta wima, kwa hiyo umbali wake kutoka kwenye egemeo hupimwa kwa ulalo. Kitovu kipo katikati ya ngazi, na katikati ya ngazi ipo juu ya katikati ya nafasi iliyo kati ya mguu na ukuta. Kwenye picha hiyo ni milimita 20, nusu ya 40. Ukuta unasukuma kwa ulalo, kwa hiyo umbali wake hupimwa wima, nao ni milimita 96. Ngazi ya kilo 12 ina uzito wa nyutoni 118 hivi. Momenti za pande mbili zikilingana, msukumo wa ukuta ni 118 mara 20 gawanya kwa 96, na jibu ni takribani nyutoni 24.5. Hiyo ni kani sawa na ya kuinua mfuko wa unga wa kilo mbili na nusu, na ndiyo kani ambayo sakafu inadaiwa.

Kwa ufupi, f ikiwa ndiyo msuguano unaohitajika, W uzito wa ngazi, b umbali wa mguu hadi ukutani, na h kimo cha mgusano wa juu, hesabu yote ni hii:

f = W × b / (2 × h)

Katika hesabu hiyo b inagawanywa kwa h. Picha ikichapishwa mara mbili zaidi, namba zote mbili zinakua mara mbili na mgao unabaki ule ule. Ndiyo maana milimita za kwenye karatasi zinafanya kazi sawa na mita za ukutani. Ngazi yenyewe ina urefu wa mita 3.9, mguu wake upo mita 1.5 kutoka ukutani, na kimo chake ni mita 3.6. Atakayetia mita hizo mahali pa milimita atapata nyutoni 24.5 zile zile.

Kujua sakafu inadaiwa kiasi gani ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni kama inao uwezo wa kulipa. Mwaka 1699 Mfaransa Guillaume Amontons alieleza kwamba msuguano hukua kwa kadiri vitu viwili vinavyogandamizana, na karibu miaka themanini baadaye mhandisi Charles-Augustin de Coulomb alilichunguza jambo hilo kwa majaribio mengi. Kanuni yao bado inatumika kwa kazi kama hii. Kila jozi ya vitu, kwa mfano mpira na zege, ina kiwango chake cha juu cha msuguano, kinachotajwa kama sehemu ya kani inayoigandamiza. Kiwango kikiwa 0.3, maana yake sakafu inayobeba kilo 100 haiwezi kushika zaidi ya kile ambacho kilo 30 zingevuta. Msuguano hutoa kile kinachodaiwa tu, mpaka ufike kwenye kikomo hicho. Ukishafika hapo hauna cha kuongeza, na mguu unaondoka.

Kwa ngazi yetu tupu, sakafu inadaiwa nyutoni 24.5 huku ikibeba nyutoni 118. Mgao wake ni 0.208. Uzito wa ngazi ukitolewa kwenye hesabu, inabaki b gawanya kwa mara mbili ya h, yaani 40 kwa 192. Ngazi nzito na ngazi nyepesi zikisimama kwa mwinamo mmoja zinadai kiwango kimoja cha msuguano. Vitabu vya fizikia huweka karibu 1 kwa mpira juu ya zege kavu, na karibu 0.3 zege ikiwa imeloa. Kwa hiyo ngazi hii tupu itasimama hata baada ya mvua, na itasimama hapo siku nzima.

Kusimama huko ndiko kunakodanganya, kwa sababu ngazi haiwekwi ukutani ili isimame tupu.

Apande fundi rangi mwenye kilo 70. Uzito wake unaingia kwenye momenti kwa njia ile ile, isipokuwa umbali wake unabadilika kila anapopiga hatua. Akiwa chini yupo karibu na egemeo. Akiwa juu amesogea karibu na ukuta, mbali na mguu wa ngazi. Upande wa pili, sakafu sasa inabeba kilo 82 badala ya 12, kwa hiyo uwezo wake wa kushika nao umekua. Mambo mawili yanakwenda pamoja, na la kujua ni lipi linakwenda kasi zaidi.

Vipandio vya ngazi hii vimeachana sentimita 30. Fundi akiwa kwenye kipandio cha kwanza, mgao unaodaiwa unashuka kutoka 0.208 hadi 0.058. Ngazi imekuwa imara kuliko ilivyokuwa tupu, kwa sababu uzito wake umeigandamiza miguu sakafuni huku ukiuongezea ukuta kazi kidogo sana. Ndiyo sababu msaidizi anayekanyaga kipandio cha chini kabisa anaisaidia ngazi kweli. Fundi anapoendelea, mgao unapanda. Kwenye kipandio cha sita ni 0.195. Kwenye cha saba ni 0.222, umeshapita ule wa ngazi tupu. Katikati ya ngazi, kati ya vipandio hivyo viwili, ndipo penye mpaka. Chini ya hapo fundi anaikaza ngazi, juu ya hapo anailegeza. Mpaka huo haubadiliki kwa uzito wa mtu, kwa kuwa unategemea tu mahali kitovu cha ngazi kilipo.

Sasa zege iwe imeloa na kiwango chake kiwe 0.3. Kwenye kipandio cha tisa, sakafu inadaiwa 0.277, na inaweza. Kwenye cha kumi inadaiwa 0.304. Tofauti ni ndogo kwenye karatasi, lakini imevuka kikomo. Fundi huyo amepanda hatua tisa bila dalili yoyote, hakuna kilichocheza wala kulia, na hatua ya kumi inauondoa mguu wa ngazi. Ukishaanza kuteleza haujirekebishi, kwa sababu kila sentimita unayosogea nje inaongeza b na kupunguza h, na mpira unaoteleza hushika kwa nguvu ndogo kuliko uliotulia. Deni linapanda wakati uwezo wa kulipa unashuka.

Dawa yake ipo kwenye namba zile zile mbili. Mamlaka za usalama kazini za Uingereza na Marekani zinataka ngazi ya kuegemeza isogezwe nje kwa kipimo kimoja kwa kila vipimo vinne vya kwenda juu. Mwinamo huo ni wa nyuzi 75 au 76 hivi kutoka sakafuni, wakati ngazi ya kwenye picha yetu imelala hadi nyuzi 67. Kuifikisha kwenye moja kwa nne ni kuusogeza mguu wake ndani kwa sentimita 55 tu, kutoka mita 1.5 hadi sentimita 95 hivi. Baada ya hapo, kipandio cha kumi kinadai 0.182. Hata kama uzito wote wa fundi ungekuwa kwenye ncha kabisa ya juu, mahali ambapo hapaswi kusimama, deni lingekuwa 0.232, na zege iliyoloa ingelimudu. Kuizidi kanuni hiyo na kuisimamisha ngazi karibu wima kunapunguza msuguano zaidi, ila kunaleta hatari nyingine: mtu akijivuta nyuma kidogo, ngazi nzima inaachana na ukuta na kumfuata.

Hesabu yote hiyo ni nzuri kama picha ni nzuri. Picha ina namna moja ya kudanganya ambayo ni lazima ijulikane, kwa sababu kila mara hudanganya upande wa hatari.

Kamera ikiwa ubavuni kabisa mwa ngazi, b na h zinaonekana kwa kipimo kimoja. Mpiga picha akizunguka kuelekea mbele ya ngazi, h inabaki ilivyo, kwa kuwa ni mstari wa wima, lakini b inafupika. Akizunguka nyuzi 30, zile milimita 40 zinaonekana kama 35. Akizunguka nyuzi 45, zinakuwa 28. Ngazi inaonekana imesimama wima zaidi kuliko ilivyo, na msuguano unaohitajika unatoka mdogo kuliko wa kweli. Kile kipandio cha kumi kilichodai 0.304 kitahesabiwa kuwa kinadai 0.263, chini ya 0.3, na picha itakuwa imemruhusu fundi kupanda mahali atakapoanguka.

Dalili yake inaonekana kwenye ngazi yenyewe. Katika picha iliyopigwa ubavuni sawasawa, mhimili wa karibu unaufunika ule wa mbali, na vipandio vinaonekana kwa vichwa vyao tu. Mihimili ikionekana imeachana, kamera ilikuwa pembeni. Kwa ngazi yenye upana wa sentimita 40, katika picha ya kipimo hiki ambapo milimita moja ni sentimita 3.75, mwachano wa ulalo wa milimita tano hivi kati ya mhimili na mhimili unamaanisha kamera imezunguka nyuzi 30. Picha ya namna hiyo irudiwe.

Picha za ngazi zina umri karibu sawa na upigaji picha wenyewe. Mwingereza William Henry Fox Talbot, mmoja wa waliovumbua ufundi huo, alitoa kitabu chake cha picha kwa mafungu kati ya mwaka 1844 na 1846, na picha mbili ndani yake zina ngazi. Moja imeegemea rundo kubwa la nyasi kavu, nyingine imeegemea jengo huku wanaume watatu wakiwa karibu nayo. Katika picha hizo vipandio vya ngazi vinaonekana wazi kati ya mhimili na mhimili. Kwa mtazamaji ni picha safi. Kwa anayetaka kupima mwinamo kwa rula, uwazi huo huo ndio unaomwambia asizipime moja kwa moja.

Simu nayo isiinuliwe kichwa. Ikielekezwa juu, mistari ya wima huanza kuinamiana na sehemu ya juu ya ngazi husinyaa. Ni rahisi kuligundua hilo: vipandio vilivyopangwa kwa nafasi sawa huonekana kukaribiana kadiri vinavyopanda. Katika picha yetu kila nafasi ni milimita 8, chini na juu. Kuipata picha ya hivyo, mpigaji hurudi nyuma mita kumi hivi, huishika simu wima, kisha huivuta picha karibu kwa kukuza badala ya kuisogelea ngazi.

Kuna mambo mengine matatu ambayo picha haiyasemi. La kwanza ni msuguano wa ukutani. Ukuta wa kweli hauwi mtelezi kabisa, na ukikwaruza ncha ya juu unaisaidia ngazi kidogo. Lakini ukiuingiza kwenye hesabu, kani zisizojulikana zinakuwa nne wakati kanuni za msawazo zipo tatu tu: ya wima, ya ulalo na ya momenti. Hesabu haiwezi tena kusema nani amebeba kiasi gani. Wahandisi huuchukulia ukuta kuwa mtelezi kwa sababu hiyo, na pia kwa sababu kosa lake linaangukia upande salama. Msaada ukiwepo ni nyongeza, na ukuta ukiwa wa vigae au wa rangi mbichi, hakuna kilichopotea kwenye hesabu.

La pili ni kitovu. Ngazi ya mirunda iliyo minene upande wa chini, au ngazi ya kurefusha ambayo vipande vyake vimepandana sehemu ya chini, haina uzito sawasawa. Kitovu chake kipo chini ya katikati, na ikiwa tupu inadai msuguano mdogo kuliko hesabu yetu. Hupatikana kwa kuilaza ngazi juu ya gogo moja na kuisogeza mpaka isiinamie upande wowote. Kikiangukia kwenye sehemu 0.45 ya urefu kutoka chini, basi 0.45 ndiyo inayochukua nafasi ya nusu.

La tatu ni mahali ngazi inapogusa. Ikiwa imeegemea ukingo wa ukuta au wa paa na kuchomoza juu yake, msukumo wa ukingo hauwi wa ulalo. Unakuwa wa pembemraba na mhimili wa ngazi, na kanuni ya b kwa h haifai tena.

Kinachobaki ni kuijua sakafu yenyewe, na hilo hupimwa papo hapo. Kipande cha mpira kama wa soli za ngazi hufungwa chini ya tofali, sakafu ikaachwa katika hali ile ile itakayofanyiwa kazi, iwe na vumbi au maji. Kisha tofali huvutwa kwa ulalo kwa mizani ya kuning'iniza, polepole, na namba husomwa pale linapoanza tu kusogea. Tofali na mpira vikiwa na kilo 4 na mizani ikasoma kilo 1.2, kiwango ni 0.3. Kwenye sakafu hiyo, kwa ngazi jinsi ilivyo pichani, fundi wa kilo 70 anaishia kipandio cha tisa. Mizani ikisoma kilo 0.8, kiwango ni 0.2, na ngazi hiyo haisimami hata ikiwa tupu.